Wivu wa nyota za maji: mchumba wangu ni Nge, wanajimu wanamshauri mwenza afanye nini?

#1 Binti Pangani

Habari wakuu. Nimeposwa. Mchumba ni Nge wa tarehe 3 Novemba, mimi ni Samaki wa 12 Machi. Barua imeshajibiwa, mahari inaletwa mwezi ujao, ila kuna jambo linaninyima usingizi.

Jumamosi ya wiki juzi nilikutana kituoni na kaka mmoja niliyesoma naye. Tulisalimiana kama dakika tano, daladala ikaja, nikapanda. Jioni mchumba akaniuliza kwenye simu, "Leo umekutana na nani?" Nikajibu hakuna, kwa sababu kwangu haikuwa habari. Akanyamaza, tukaongea mengine. Siku ya tatu akanitajia rangi ya shati la yule kaka, na kwamba alishika mfuko wangu wa nyanya wakati natafuta nauli. Kuna bodaboda wa mtaani kwao alituona. Hakufoka wala hakunitukana. Alisema tu, "Nilikuuliza." Tangu hapo ujumbe wangu anaujibu neno moja moja.

Naomba wajuzi wa unajimu wanisaidie. Hii ndiyo tabia ya Nge inayosemwa, au ni ya huyu mtu tu? Na je, Kaa na Samaki nao wana wivu wa namna hii, maana wote wanaitwa nyota za maji? Nimejaza tarehe yake kwenye tovuti moja ya chati. Mama yake anasema alizaliwa saa 2 asubuhi, hapa Tanga, nami nikaandika 2:00. Ikaniletea kwamba nyota inayochomoza ni Mashuke, Mwezi uko Ng'ombe, na nyumba yake ya ndoa imeangukia Samaki. Hilo la mwisho lilinifurahisha, kwa kuwa Samaki ni mimi.

#2 Kidagaa

Hongera ya posa. Nge akishakutajia rangi ya shati, jua anayo na ya viatu. Naweka kambi hapa.

#3 Nge wa Mwanza

Dada, mimi ni Nge wa tarehe 9 Novemba na nimemwelewa jamaa bila kueleza. Yule kaka wa kituoni hana shida naye. Shida yake ni lile neno "hakuna". Ungesema "nimekutana na fulani, tulisoma wote, kanishikia nyanya", angecheka na yangeisha. Sisi tukiuliza swali dogo, mara nyingi jibu tunalo tayari. Tunataka kuona kama utatupa lilelile.

Mke wangu aliwahi kunificha mkopo wa kikoba wa shilingi elfu 80. Fedha ndogo kabisa. Nilijua siku hiyohiyo, nikakaa miezi mitano nikimsubiri aseme. Sikujivunia, ila ndivyo nilivyokuwa.

#4 Kidagaa

Miezi mitano kwa elfu 80! Kaka, wewe ulikuwa unamlipisha riba.

#5 Mzee wa Falaki

Binti, nakujibu taratibu, maana umeuliza mambo mawili.

Wanajimu wanaposema maji wanakusudia hisia na kumbukumbu. Nyota hizo ni tatu, ila maji yake si mamoja, na hapo ndipo wengi wanapochanganya. Kaa ni kijito, maji yanayoanza safari. Nge ni kisima, maji yaliyotuama, juu yametulia na chini hujui ni pima ngapi. Samaki ni bahari, haina ukuta. Wivu wa kila mmoja unafuata maji yake.

Kaa anatawaliwa na Mwezi, na Mwezi ni nyumba, mama, chakula na utoto. Wivu wake ni wa nyumba. Haogopi mchepuko peke yake. Anaogopa chochote kinachokutoa jikoni kwake: kazi mpya, marafiki wa mpira, hata dada zako. Na kwa kuwa kaa hutembea ubavu, hakuulizi "ulikuwa wapi?" Anakuuliza "umekula?" Ukijibu umeshakula, ameshajua kwamba kuna mahali ulikaa ukahudumiwa.

Nge mtawala wake wa kale ni Mirihi, nyota ya askari. Wanajimu wa Magharibi walimwongezea Pluto baada ya kugunduliwa mwaka 1930, ila sisi wa zamani Mirihi inatutosha. Askari wa Nge yuko doria usiku. Anatazama, anakumbuka, hasemi. Halafu Nge ni nyota ya kutulia mahali pamoja, kama Ng'ombe, Simba na Ndoo. Akishaamua kukupenda habanduki, na akishaona umemdanganya nako habanduki. Uaminifu wake na kinyongo chake vina mzizi mmoja, na huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine.

Samaki ni wewe, nawe unajijua. Mtawala wake ni Mushtari, na siku hizi wanasema Neptuni. Wivu wa Samaki hausemi. Anaumia, anaota ndoto mbaya, anakuwa mwema kupita kiasi, halafu siku moja hayupo. Wale samaki wawili kwenye picha wamefungwa kamba moja na kila mmoja anaogelea upande wake. Anakung'ang'ania na kukukimbia kwa wakati mmoja.

Ushauri tunaowapa wenza ni mfupi. Kwa Nge, mweleze kabla hajauliza, hata la nyanya. Kwa Kaa, taja saa ya kurudi na urudi saa hiyo. Kwa Samaki, uliza moja kwa moja, na usimtanie kwamba utamwacha.

#6 Mama Wawili

Mzee umemsema mume wangu, Kaa wa Julai. Mimi nilipoanza zamu za usiku hotelini hakugomba hata siku moja. Alianza kuniletea chakula. Saa 4 usiku yuko getini na hotipoti, wali na kisamvu, mvua inyeshe isinyeshe. Wenzangu wakinionea gere, "una mume wewe!" Nami nilifurahi mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili nikagundua kwamba hotipoti inakuja siku zile tu ambazo meneja fulani yuko zamu.

Nilichofanya, nilimwita ndani nikamtambulisha kwa kila mtu, meneja akiwa wa kwanza, nikasema huyu ndiye baba watoto wangu. Safari za hotipoti zikapungua zenyewe, ingawa kile kisamvu nilikuja kukikumbuka.

Niongeze kwamba hawa Kaa wanabadilika na Mwezi. Kila siku mbili na nusu ni mtu mwingine. Na ndiyo maana wivu ni wa nyota za maji tu, nyingine hazina.

#7 Mzee wa Falaki

Mama Wawili, la siku mbili na nusu ni kweli kwa maana kwamba Mwezi hukaa kwenye kila nyota muda kama huo. La wivu kuwa wa maji tu, hapana. Ng'ombe ana umiliki mkubwa, naye ni udongo. Simba akikosa kutazamwa anaumia vibaya, naye ni moto. Tofauti ni kwamba Ng'ombe analinda alichonacho, maji yanalinda kilichosemwa. Kwa Nge ahadi ni mali.

#8 Barobaro wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Mimi napinga hili la Nge kuwa na kinyongo. Bibi yangu ni Nge wa 15 Novemba na hana wivu hata chembe, ukimkosea asubuhi, adhuhuri amesahau. Nilisoma ni kwa sababu Zuhura yake iko Samaki, na Zuhura ndani ya Samaki ni mahaba ya kusamehe. Kwa hivyo msiangalie Jua, angalieni Zuhura.

#9 Mzee wa Falaki

Ndugu yangu wa Kisauni, rai yako ni nzuri na mfano wako una kasoro. Zuhura haiachani na Jua zaidi ya nyuzi 47 au 48. Jua likiwa katikati ya Nge, Zuhura itakuwa Mizani, Nge au Mshale, na mwanzoni kabisa mwa Mbuzi kwa nadra. Samaki haifiki, iko mbali mno. Ama tarehe siyo, ama uliyoiona Samaki ilikuwa sayari nyingine. Tazama tena, huenda ni Mwezi wake, na Mwezi ndani ya Samaki ungeeleza huko kusamehe vizuri zaidi.

Kwamba tuangalie Zuhura kwanza kwenye mapenzi, hapo tuko pamoja. Nge aliye na Zuhura Mizani huchukia ugomvi, anameza. Aliye na Zuhura humohumo Nge, huyo ndiye wa shati na viatu.

#10 Barobaro wa Kisauni

Nimetazama. Kweli ni Mwezi. Ahsante mzee, nilisoma mstari wa juu yake.

#11 Nesi wa Zamu

Samahani, naona wote mmepita kitu. Binti Pangani, umesema mama mkwe kasema saa 2 asubuhi, nawe ukaandika 2:00. Tovuti zile hazihesabu saa kwa Kiswahili. Kwao 2:00 ni saa 8 usiku. Ulitakiwa kuandika 08:00.

Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi na kosa hili naliona kila mahali. Mama anasema saa 2, kwenye kadi tumeandika 0800, mtoto akikua anajaza 2:00. Tafuteni kadi ya kliniki kama bado ipo. Kumbukumbu za mama huwa za kweli kuhusu asubuhi au usiku, ila namba kamili wengi hukadiria, maana wakati ule hakuna anayetazama saa.

#12 Binti Pangani

Jamani! Nimerudia na 08:00. Kila kitu kimehama. Inayochomoza siyo Mashuke tena, ni Mshale. Mwezi umebaki Ng'ombe. Nyumba ya ndoa siyo Samaki, ni Mapacha. Nimekaa kimya hapa na simu mkononi. Ile Samaki niliishika kama ishara.

#13 Mzee wa Falaki

Nesi, Mungu akubariki. Ndiyo maana nilitaka kuomba saa kabla ya kuendelea, nawe umenitangulia.

Binti, nikueleze kilichotokea usije ukadhani chati inacheza. Nyota inayochomoza hubadilika kila baada ya saa mbili hivi. Umekosea saa sita, kwa hiyo imeruka nyota tatu, kutoka Mashuke kupita Mizani na Nge mpaka Mshale. Nyumba zote zinahesabiwa kutoka hapo, kwa hiyo zote zimehama, na ya ndoa, ambayo ni ya saba, imehama nazo. Mwezi kwa saa sita unasogea nyuzi tatu tu, ndiyo maana umebaki Ng'ombe.

Kuna kipimo cha kuhakiki tarehe bila kadi. Jua likiwa Nge na Mwezi ukiwa Ng'ombe, vinatazamana. Maana yake mchumba wako alizaliwa siku za mwezi mpevu au karibu nazo. Muulize mama yake kama anakumbuka mbalamwezi ya juzi yake au ya usiku uliofuata.

Sasa la wivu. Kwa saa ile ya makosa, Jua lake lilikuwa nyumba ya tatu, nyumba ya maneno na majirani, na mwanajimu angekuambia mtu huyu atakusemesha mpaka uchoke. Kwa saa sahihi Jua la Nge liko nyumba ya kumi na mbili, nyumba ya vilivyofichwa. Huyu anayaweka ndani. Zile siku tatu alizokaa kimya zinaendana zaidi na chati hii kuliko ile. Na Mapacha kwenye ndoa ni mtu anayetafuta mwenza wa kuongea naye. Alikuuliza ili uongee, ukamjibu neno moja, naye sasa anakurudishia neno mojamoja.

#14 Mtaalamu wa Pwani

Hao wa nyota ya maji wengi wana subiani wa baharini ndiye mwenye wivu, hataki waolewe. Dada apelekwe akafanyiwe kombe mapema.

#15 Mama Wawili

Kaka, soma uzi kwanza. Hapa hakuna aliyetaja majini. Nyota za maji ni Kaa, Nge na Samaki.

#16 Mwalimu wa Hesabu

Nimewasoma wote kwa heshima, ila naomba nilete upande wa pili. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake jaribio la tabia, kisha kila mmoja akapewa karatasi ya "matokeo yako". Walipima usahihi wake kwa alama 0 hadi 5. Wastani ukawa 4.26. Karatasi zote zilikuwa na maneno yaleyale, na mengi aliyatoa kwenye kitabu cha unajimu cha mtaani.

Sasa tazama #13. Chati ya makosa ingesema "anasemesha", sahihi inasema "anaficha". Mzee kachagua inayofanana na kisa alichokwisha kusimuliwa. Kama jamaa angefoka siku ileile, ile ya saa 8 usiku ndiyo ingeonekana sahihi. Na Binti aliiamini ya kwanza kabisa mpaka Nesi alipopita. Wivu wa huyu bwana unaelezeka bila nyota. Mchumba wake alimficha jambo, na mtaa ukamweleza.

#17 Mzee wa Falaki

Mwalimu, hoja yako ina uzito, sitaikwepa. Nilikisoma kisa kwanza, kweli. Mwanajimu makini huandika anachokiona kabla ya kusikiliza, na hapa sikufanya hivyo. Ila la mwezi mpevu nimelisema kabla ya kujua, na linaweza kunikanusha. Tusubiri.

#18 Mwalimu wa Hesabu

Mzee, la mwezi mpevu ni hesabu ya anga, hilo hata mimi nitalitetea. Likitimia litaonyesha tarehe ni sahihi. Kwamba Nge ana wivu halitaonyesha.

#19 Ustadhi wa Barabara ya Kumi

Mnapoteza muda na tarehe. Nyota za tarehe ni za magazeti. Wazee wetu, na marehemu Sheikh Yahya Hussein aliyefariki 2011 watu wanamkumbuka, walijua kuna hesabu ya jina la mtu na la mama yake kwa herufi za abjadi. Unajumlisha, unagawa kwa 12, inayobaki ndiyo nyota.

Mfano Hamisi mtoto wa Mariamu. Khamisi kwa Kiarabu ni kha 600, mim 40, ya 10, sin 60, jumla 710. Maryam ni mim 40, ra 200, ya 10, mim 40, jumla 290. Pamoja 1000. Kumi na mbili mara 83 ni 996, inabaki 4. Ya nne ni Saratani, ndiyo Kaa mnayemsema. Huyu hata azaliwe Desemba, wivu wake ni wa nyumba, atakuletea hotipoti.

#20 Godlavu

Ustadhi naomba kuuliza kwa nia njema. Mimi jina langu hilo, na mama ni Upendo. Kwa Kiarabu herufi ya G inakuwa ipi?

#21 Ustadhi wa Barabara ya Kumi

Hapo kuna ikhtilafu. Wengine wanaweka ghaini, ambayo ni 1000, wengine kafu, ambayo ni 20.

#22 Mwalimu wa Hesabu

Ukigawa 1000 kwa 12 inabaki 4, ukigawa 20 inabaki 8. Kwa hiyo Godlavu amehama nyota nne kwa herufi moja tu. Hata Salma ni hivyohivyo. Mwishoni ukiweka ya ni 140, ukiweka alifu ni 131.

#23 Ustadhi wa Barabara ya Kumi

Ndiyo maana elimu hii haifanywi na kila mtu. Linaandikwa kama lilivyoandikwa alipopewa.

#24 Ukhti Nuru

Assalam alaykum. Hata kama hesabu zinatimia, kumwendea mtabiri na kumuuliza kumekatazwa, na tumeambiwa sala ya siku 40 haikubaliwi. Dada fanya istikhara, na wazazi waulize tabia yake kwa majirani. Sina zaidi.

#25 Samaki Mkavu

Nilete la kwangu maana hapa wamesemwa Nge na Kaa, Samaki wamepitwa. Mimi ni mwanaume, Samaki wa mwisho wa Februari. Mke wangu wa kwanza alikuwa na rafiki wa kiume kazini, wakitaniana simuni mbele yangu. Sikusema neno. Nilimnunulia simu mpya ili ajue nampenda. Nilikuwa napika Jumapili. Usiku naota amepanda meli, nami niko gatini nashindwa kuita. Alikuja kuniambia mwaka mzima alidhani sina habari naye, kwa sababu hata wivu sina. Tuliachana kila mmoja akiamini mwenzake hajali.

Kwa hiyo Binti Pangani, kwa heshima, usimtazame Nge tu. Wewe Samaki ulisema "hakuna". Wanajimu wanasema hatudanganyi ili kuiba, tunadanganya ili maji yasitikisike. Kwa Nge hiyo tofauti haipo.

#26 Binti Pangani

Kaka Samaki, umenipata mahali pake. Nilisema hakuna kwa sababu nilikuwa nimechoka na sikutaka maswali. Siyo kwamba nilisahau. Hapo juu niliandika haikuwa habari, nalo halikuwa kweli lote.

#27 Wakili wa Mtaa

Nasoma kimya tangu mwanzo na kuna kitu kinanikera. Uzi mzima unamshauri binti namna ya kujirekebisha ili Nge asikasirike. Mimi nilikuwa na Nge. Ushauri niliopewa ni huohuo, "mweleze kabla hajauliza". Nikaeleza. Baada ya miezi sita nilikuwa naeleza nimenunua vocha dukani kwa nani. Halafu akataka neno la siri la simu, halafu nisiende kwa dada yangu bila yeye. Nikiuliza naambiwa Nge ndivyo wanavyopenda.

Naomba Mzee aseme wazi. Mtu kuumia akidanganywa ni jambo moja. Kuweka bodaboda wakutazame ni jambo jingine. Dada, yule bodaboda alikuona kwa bahati, au aliambiwa akuangalie?

#28 Nge wa Mwanza

Swali zuri. Hata mimi Nge nasema hilo lijibiwe kwanza.

#29 Mzee wa Falaki

Wakili, nakubali. Nilitoa ushauri wa upande mmoja, na ule wa pili wanajimu wengi wanausahau. Kwa mwenza wa Nge tunasema mpe ukweli, usimpe funguo zote. Ukweli ni "nilikutana na fulani". Funguo ni simu yako, dada yako, mshahara wako. Nge anamheshimu mtu mwenye mlango wake. Ukimfungulia yote kwa hofu, doria haipungui, inaongezeka, kwa sababu amejifunza kwamba ukibanwa unatoa.

Na mtu akikupokonya simu au akikutishia, usinitafute mimi wala chati. Waite wazazi wako na washenga kabla mahari haijapokelewa.

#30 Mwalimu wa Hesabu

Hapa tumekutana Mzee, japo tumetokea njia tofauti.

#31 Wakili wa Mtaa

Sijaridhika sana. "Anamheshimu mwenye mlango wake" wangu hakuuheshimu, aliuvunja. Lakini hilo la washenga ni kweli.

#32 Binti Pangani

Wakuu narudi na mrejesho. Jana nilimwendea dukani kwake. Nilisema, "Siku ile nilikudanganya. Nilikutana na fulani, na nilijibu hakuna kwa uvivu." Sikuongeza maelezo. Alikuwa anapanga sabuni, akaendelea kupanga mpaka boksi likaisha. Kisha akasema, "Mimi ningekuambia hata ingekuwa saa ile ya kwanza." Akanisindikiza kituoni, akanishikia mfuko. Ujumbe wa leo asubuhi ulikuwa na mistari mitatu.

La bodaboda nilimuuliza hapohapo. Alisema bodaboda alituona tu kwa bahati. Halafu akanyamaza kidogo, akaongeza, "Ila nilimuuliza maswali." Sijui hilo nilipime vipi. Nimemweleza shangazi, yeye ndiye atakayeongea na mshenga.

Mama yake anasema mbalamwezi anaikumbuka, walimbeba kwenda zahanati alfajiri bila taa. Ila saa amebadilisha. Sasa anasema inaweza kuwa saa 3, kwa sababu chai ilikuwa imeshanyweka. Kadi haipo.

#33 Mzee wa Falaki

Alhamdulillahi kwa mbalamwezi. Ikiwa saa 3, andika 09:00. Mshale utabaki, ila utakuwa umesogea sana kuelekea mwisho. Ikiwa ni saa 4 ndipo tutazungumza habari ya Mbuzi, na nyumba ya ndoa itaangukia Kaa.

#34 Kidagaa

Mama mkwe asiulizwe tena habari ya chai, tafadhali.

#35 Mama Wawili

Binti, hilo la "nilimuuliza maswali" shangazi alisikie kwa maneno hayohayo, usilipunguze. Na mume wangu kaleta hotipoti leo, sijui nani kaingia zamu.